Mpindo wa Mwanga: Siri ya Mrija Uliovunjika na Upinde wa Alasiri

Chukua kikombe cha bati, kile kisichopenyeza mwanga, uweke sarafu ya shilingi mia mbili katikati ya kitako chake. Ibandike kwa nta au kipande cha ubani wa kutafuna ili isihame. Kiweke kikombe mezani, kisha rudi nyuma taratibu huku ukiitazama sarafu, mpaka ukingo wa kikombe uifiche yote. Simama hapohapo, usiinue kichwa. Mwambie mtu mwingine amimine maji polepole. Maji yakipanda, sarafu itaanza kuchomoza nyuma ya ukingo, kwanza ncha, kisha nusu, mwisho utaiona nzima. Hukusogea, na sarafu haikusogea. Kilichobadilika ni njia ya mwanga kutoka kwenye sarafu hadi jichoni mwako.

Kabla ya maji, miale iliyotoka kwenye sarafu kuelekea usawa wa jicho lako iligonga ukingo ikaishia hapo. Miale mingine ilipita juu ya ukingo, lakini ilikwenda juu mno, ikapita juu ya kichwa chako. Maji yalipoingia, hiyo iliyokuwa ikikupita ilipinda pale ilipotoka majini kuingia hewani, ikainama kuelekea upande wako. Kuinama huko kwa mwanga unapovuka mpaka wa vitu viwili ndiko kunakoitwa mpindo wa mwanga. Ndiko kunakouvunja mrija ndani ya glasi, na ndiko kunakochora upinde wa mvua angani.

Kwa nini mwanga upinde

Mahali pasipo na kitu chochote, mwanga husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Hewani hupungua kidogo sana, kiasi kwamba kwa mazungumzo yetu tunaweza kukipuuza. Majini hushuka hadi takriban kilomita 225,000 kwa sekunde, na ndani ya kioo cha kawaida hadi takriban 200,000. Ukigawanya mwendo wa hewani kwa mwendo wa majini unapata 1.33. Namba hiyo moja inatosha kueleza karibu kila kitu kitakachofuata.

Lakini kupunguza mwendo si sawa na kupinda. Fikiria mkokoteni unaosukumwa kwenye lami, kisha unaingia kwenye mchanga. Ukiingia moja kwa moja, magurudumu yote mawili yanakutana na mchanga kwa pamoja. Mkokoteni unapunguza mwendo, lakini mwelekeo haubadiliki. Ukiingia kimshazari, gurudumu moja linatangulia kukwama huku la pili likiwa bado lamini na mwendo wake uleule. Hapo mkokoteni lazima ugeuke, na hugeukia upande wa gurudumu lililokwama. Ukitoka mchangani kurudi lamini, mambo yanageuka: gurudumu linalotangulia kufika lamini linaongeza mwendo kabla ya mwenzake, na mkokoteni unakwenda upande ule mwingine.

Mwanga nao hufanya hivyo. Ukianguka wima juu ya maji hupita bila kupinda. Ukianguka kimshazari hupinda, na kadiri mshazari unavyozidi ndivyo mpindo unavyozidi. Kwa mfano, mwale unaoingia majini kwa pembe ya nyuzi 45 kutoka kwenye mstari wima huendelea chini kwa nyuzi 32 tu. Umevutwa kuelekea wima. Mwale unaotoka chini kwa nyuzi 32 nao hutokea hewani kwa nyuzi 45, kwa sababu njia ni ileile, kwenda na kurudi.

Kanuni ya kukokotoa pembe hizi ilimhangaisha binadamu kwa muda mrefu. Ptolemi wa Aleksandria alizipima katika karne ya 2, akatengeneza majedwali, lakini hakuipata kanuni yenyewe. Ibn Sahl, mwanahisabati wa Baghdad, aliitumia kwa usahihi karibu mwaka 984 alipokuwa akichunguza lenzi za kuchomea vitu kwa jua. Huko Ulaya inajulikana kwa jina la Mholanzi Snell, aliyeigundua upya mwaka 1621.

Mrija ndani ya glasi

Jicho halijui kwamba mwanga umepinda njiani. Ubongo huchukulia kwamba kila mwale umekuja kwa mstari mnyoofu, hivyo huufuata nyuma kwa mstari mnyoofu na kukiweka kitu pale mstari huo unapoelekea. Kitu kilicho majini hutazamwa kwa miale iliyopinda, kwa hiyo huonekana mahali ambapo hakipo. Ukikitazama kutoka juu, huonekana kimepanda.

Kimepanda kiasi gani? Ukitazama wima kabisa, gawanya kina cha kweli kwa 1.33. Maji ya sentimita 12 yataonekana kuwa na kina cha sentimita 9. Sasa chukua sufuria yenye maji ya kina hicho na uchomeke mrija uliolala kwa nyuzi 45, ncha yake ikigusa chini. Ncha iko sentimita 12 chini ya uso wa maji, lakini inaonekana sentimita 9. Sehemu ya katikati, iliyo sentimita 6 chini, inaonekana sentimita 4 na nusu. Sehemu inayogusa uso wa maji haipandi hata kidogo. Kila sehemu imeinuliwa kwa robo ya kina chake, hivyo mrija ulio majini unabaki mnyoofu, ila mlalo wake umebadilika: badala ya nyuzi 45 unaonekana umelala kwa takriban nyuzi 37. Kona iko usoni mwa maji, na mrija unaonekana umekunjwa kwenda juu. Watoto wengi wakiambiwa wauchore huukunja kwenda chini. Uchunguze vizuri, utaona ni kinyume.

Glasi ya mviringo ikitazamwa kutoka ubavuni huonyesha kitu kingine, na hapa ndipo watu huchanganya mambo. Hapo huutazami mrija kupitia uso wa maji, bali kupitia ukuta wa glasi uliojikunja, na maji yaliyomo yanafanya kazi ya lenzi ya kukuza. Mrija haukunjwi, unakatika: kipande cha juu kiko hapa, cha chini kimehamia pembeni na kimenenepa. Jaribu kuusogeza mrija ukiwa umesimama wima. Ukiwa katikati kabisa ya glasi, kipande cha chini kinanenepa kwa theluthi moja hivi lakini hakihami. Ukiupeleka kulia au kushoto, kinahama kuelekea ukingo. Ukiuegemeza kwenye ukuta ulio karibu nawe, mkato karibu unatoweka. Ukiuegemeza ukuta wa nyuma, kila kitu kinazidi.

Nje ya jikoni, mambo haya yana uzito wake. Dimbwi au bwawa safi lenye kina cha mita 2 huonekana kama mita 1 na nusu, na ukilitazama kimshazari kutoka ukingoni huonekana fupi zaidi ya hapo. Mtoto anayekadiria kwa macho kwamba maji yatamfika kifuani anaweza kukuta yamempita kichwa. Na anayewinda samaki kwa mkuki akiwa amesimama kwenye maji ya mwambani hujifunza kulenga chini ya pale anapomwona samaki, kwa sababu samaki wa kweli yuko chini ya yule anayeonekana.

Rangi zinatoka wapi

Namba 1.33 niliyoitaja ni ya wastani. Ukweli ni kwamba maji hayazipunguzii mwendo rangi zote kwa kiasi sawa. Kwa mwanga mwekundu namba hiyo ni takriban 1.331, na kwa urujuani ni takriban 1.343. Tofauti ni ndogo, chini ya sehemu moja katika mia, lakini inatosha: urujuani hupinda zaidi kidogo kuliko nyekundu.

Mwanga mweupe wa jua ni mchanganyiko wa rangi hizi zote. Isaac Newton alilionyesha hilo kuanzia mwaka 1666, alipouingiza mwale wa jua kupitia tundu la dirisha katika chumba chenye giza na kuupitisha kwenye kioo cha pembetatu. Ukutani kulitokea utepe wa rangi. Waliomtangulia walidhani kioo ndicho kinachoupaka mwanga rangi. Newton aliichukua rangi moja tu kutoka kwenye utepe, akaipitisha kwenye kioo cha pili. Ilipinda, lakini haikubadilika wala kuzaa rangi nyingine. Kioo hakikuongeza kitu, kilitenganisha tu kilichokuwemo.

Kwa nini basi mrija majini hauonekani na rangi za upinde? Kwa sababu mpindo ni mdogo, na rangi zinazotengana kutoka sehemu moja ya mrija huangukia juu ya rangi za sehemu ya jirani, zikachanganyika tena kuwa za kawaida. Ili rangi zionekane zikiwa zimetengana, inatakiwa kitu kinachokusanya kila rangi kwenye pembe yake. Tone la mvua hufanya hivyo.

Ndani ya tone moja

Tone dogo la mvua ni duara karibu kamili. Mwale wa jua ukiligonga, hupinda unapoingia. Unasafiri hadi ukuta wa nyuma wa tone, na hapo sehemu kubwa ya mwanga hutoka nje kwa upande wa pili na kupotea. Watu wengi hufundishwa kwamba mwanga wote huakisiwa hapo, lakini sivyo: pembe ya mwale unaochora upinde haitoshi kuuzuia usitoke. Ni sehemu ndogo tu inayoakisiwa na kurudi mbele, kisha hupinda mara ya pili inapotoka kuelekea upande ule ule jua lilipo. Upinde wote unaouona angani umetengenezwa kwa masalio hayo.

Swali gumu ni hili: miale ya jua huligonga tone kila mahali, na kila mwale hurudi kwa pembe yake. Mbona basi tunaona utepe mwembamba, si anga yote kung'aa?

Tuchukue tone lenye kipenyo cha milimita 2, yaani kutoka katikati hadi ukingoni ni milimita 1, na tufuate miale mmoja mmoja. Mwale unaolenga katikati kabisa hurudi ulikotoka, pembe sifuri. Unaopita milimita 0.5 kutoka katikati hurudi kwa nyuzi 28. Wa milimita 0.7 hurudi kwa nyuzi 38, na wa 0.8 kwa nyuzi 41. Wa 0.86 hufika nyuzi 42. Mtu angetarajia pembe iendelee kukua, lakini hapo inafika kikomo na kuanza kurudi: mwale wa milimita 0.9 hurudi kwa nyuzi 41 na nusu, wa 0.95 kwa nyuzi 38, na ule unaoparuza ukingo kwa nyuzi 14 tu.

Tazama kinachotokea karibu na kikomo. Miale inayoingia kati ya sifuri na milimita 0.1 inatawanyika katika nyuzi karibu 6. Miale inayoingia kati ya 0.8 na 0.9 inasongamana yote katika chini ya uzi mmoja. Msongamano huo ndio upinde. Mwanga umerudi kwa pembe nyingi, lakini kwenye nyuzi 42 umejaa kuliko kwingineko, na zaidi ya hapo hakuna kabisa. Na kwa kuwa kila rangi hupinda kwa kiasi chake, kila moja ina kikomo chake: nyekundu kwenye nyuzi 42 na ushee, urujuani kwenye takriban nyuzi 40 na nusu, na nyingine katikati yao. Ndiyo maana nyekundu iko nje ya upinde na urujuani iko ndani. Ndani zaidi ya urujuani, miale ya rangi zote iliyorudi kwa pembe ndogo hukutana ikawa nyeupe, na ndiyo sababu anga iliyo chini ya upinde huonekana kung'aa kuliko iliyo juu yake.

Safari hii ya mwale haikukisiwa tu. Mwanzoni mwa karne ya 14 Kamal al-Din al-Farisi, Mwajemi aliyekuwa akifafanua kazi za Ibn al-Haytham, alijaza maji katika tufe la kioo, akaliweka mahali pa tone na kufuatilia mwanga ndani yake. Katika miaka hiyohiyo mtawa wa Kijerumani, Theodoric wa Freiberg, alifanya jaribio kama hilo bila wawili hao kujuana. Wote walifikia jibu moja: mwanga hupinda ukiingia, huakisiwa mara moja, hupinda ukitoka. Kukokotoa msongamano wa nyuzi 42 kulisubiri kanuni ya mpindo, na René Descartes alichapisha hesabu zake mwaka 1637.

Kwa nini upinde hupenda alasiri

Ukishajua nyuzi 42, unaweza kutabiri upinde. Lipe jua kisogo, utazame kivuli cha kichwa chako. Hapo ndipo kitovu cha upinde kilipo, daima. Kila tone lililo nyuzi 42 kutoka kwenye mstari wa kivuli hicho linakutumia mwanga mwekundu, na matone yote yaliyo kwenye pembe hiyo kukuzunguka hufanya duara. Ardhi hulikata duara hilo, tukabaki na upinde. Abiria wa ndege aliye juu ya mvua huweza kuliona zima.

Kipimo cha kupimia unacho mkononi. Nyoosha mkono mbele, tanua vidole: kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, shubiri moja, ni takriban nyuzi 20. Kutoka kivuli cha kichwa chako hadi upinde ni shubiri mbili na kidogo.

Sasa, jua likiwa juu, kivuli cha kichwa chako kiko chini karibu na miguu, na upinde wote unaanguka chini ya upeo wa macho. Jua likipita nyuzi 42 kwenda juu, mtu aliyesimama kwenye tambarare hawezi kuuona upinde wa mvua hata inyeshe vipi. Dar es Salaam jua la adhuhuri halishuki chini ya nyuzi 59 mwezi wowote, kwa hiyo upinde wa saa sita mchana hauwezekani pale. Kwa mwaka mzima, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana usiutafute angani.

Kipimo cha haraka ni kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko urefu wako, jua liko juu ya nyuzi 45 na upinde hakuna. Kikikuzidi urefu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, upinde unawezekana. Waislamu wa pwani wanaofuata madhehebu ya Shafii wanakijua kipimo hiki kwa njia nyingine: wakati wa alasiri huingia kivuli cha kitu kinapotimia urefu wa kitu chenyewe, ukiongeza kivuli kilichokuwapo adhuhuri. Kwa maana hiyo, wakati huo ukiingia jua limeshafika nyuzi 45 au chini yake. Mvua ikinyesha upande wa mashariki muda mfupi baada ya hapo na jua likawaka magharibi, upinde utakuwapo, mwanzoni ukichungulia tu juu ya upeo wa macho, kisha ukipanda kadiri jua linavyoshuka. Jua linapogusa upeo, upinde unakuwa nusu duara kamili.

Wakati mwingine utaona upinde wa pili juu ya wa kwanza, hafifu, kwenye nyuzi 51 hivi. Huo umetokana na mwanga ulioakisiwa mara mbili ndani ya tone kabla ya kutoka. Kila mwakisiko hupoteza mwanga, ndiyo maana umefifia. Zihakiki rangi zake: zimegeuka, nyekundu iko ndani na urujuani nje. Kati ya pinde hizo mbili anga ni nyeusi kuliko kwingine, kwa sababu mwanga wa mwakisiko mmoja hauwezi kufika juu ya nyuzi 42 na wa miakisiko miwili haushuki chini ya nyuzi 50.

Ukubwa wa matone haubadilishi pembe hizi, ila hubadilisha usafi wa rangi. Matone makubwa ya mvua nzito hutoa nyekundu kali na mipaka iliyo wazi. Matone madogo sana ya ukungu hutawanya rangi mpaka zikapandana, na upinde wake ni mweupe mtupu.

Asiyetaka kusubiri mvua achukue mpira wa kumwagilia bustani, alipe jua kisogo na kuubana mdomo wa mpira mpaka maji yatoke kama vumbi. Akiyaelekeza shubiri mbili kutoka kwenye kivuli cha kichwa chake, upinde utatokea hata mchana, kwa sababu hapa matone yako chini, mbele ya miguu yake, mahali ambapo mvua ya mbali haiwezi kuonekana. Aliyesimama kando yake naye ataona upinde, ila si huohuo. Kivuli chake kiko kwingine, kwa hiyo nyuzi 42 zake zinapita kwenye matone mengine. Akisogea hatua moja, upinde wake unasogea naye.